Sekunde Mbili za Myumbo: Relei Inapoona Shoti Isiyokuwepo

Tarehe 31 Machi 2015, saa 4 na dakika 36 asubuhi kwa saa za Uturuki, njia moja ya umeme ya kilovolti 400 kati ya Osmanca na Kurşunlu ilijikata. Hapakuwa na waya ulioanguka wala radi iliyopiga. Njia ilikuwa imezidiwa mzigo, na kifaa kinachoilinda kikaamua kuitoa kazini. Sekunde mbili hazikutimia kabla njia nyingine zote zilizokuwa zikibeba umeme kutoka mashariki ya nchi kwenda magharibi hazijakata, moja baada ya nyingine. Kabla dakika moja haijaisha, karibu nchi nzima ilikuwa gizani, watu wapatao milioni 70. Treni za chini ya ardhi za Istanbul zilisimama, viwanda vikanyamaza, na sehemu kubwa ya nchi ikapata umeme tena jioni.

Asubuhi ile njia ziliondoka kazini zikiwa nzima. Vifaa vinavyozilinda viliona dalili zilezile ambazo vingeziona kama nyaya zingekuwa zimegusana, vikatii maagizo vilivyopewa. Mafundi wa gridi huiita hali hiyo myumbo wa umeme. Namna ya kuushughulikia ni mojawapo ya maamuzi magumu katika ulinzi wa gridi, kwa sababu maagizo mawili yanayotakiwa yanapingana: relei nyingi ziambiwe zisikate, na chache ziambiwe zikate. Ukitoa agizo moja ukasahau la pili, unaharibu.

Jenereta zinazokwenda hatua moja

Jenereta zote za gridi moja huzunguka kwa mwendo mmoja. Katika nchi zetu, kama Uturuki, mwendo huo ni hezi 50. Jenereta iliyo mashariki na iliyo magharibi, hata zikiwa mbali kwa kilomita elfu moja, hukanyaga hatua moja kama askari wa gwaride.

Kwenda hatua moja hakuna maana ya kuwa sawia kabisa. Fikiria baiskeli mbili zilizofungwa pamoja kwa ule mpira wa kufungia mizigo, ya mbele ikiivuta ya nyuma. Mwendo wao ni mmoja, lakini ya mbele imetangulia kidogo na mpira umenyooka. Kadiri mzigo wa nyuma unavyokuwa mzito, ndivyo mpira unavyovutika na ya mbele inavyozidi kutangulia. Katika gridi, kutangulia huko hupimwa kwa nyuzi za duara na huitwa pembe. Siku ya kawaida, pembe kati ya eneo linalozalisha umeme mwingi na eneo linalotumia sana inaweza kuwa nyuzi 30. Siku ya mzigo mkubwa hupanda.

Tofauti iliyopo kati ya umeme na mpira ndiyo inayoleta balaa. Mpira ukiuvuta zaidi, nao huvuta zaidi mpaka ukatike. Umeme huvuta zaidi mpaka pembe ifike nyuzi 90, halafu huanza kulegea. Jenereta iliyotangulia kupita hapo inapata kizuizi kidogo kuliko mwanzo, inazidi kukimbia, na kukimbia huko kunailegeza tena kamba inayoishika.

Sasa njia moja kubwa ikikatika, kamba inapungua nguvu ghafla. Jenereta za upande unaozalisha, zikiwa bado zinasukumwa na maji au mvuke uleule, zinaongeza mwendo. Pembe inapanua, inafika mahali, na hapo kuna njia mbili. Ya kwanza ni kwamba kamba zilizobaki zinatosha: pembe inasita, inarudi, inapita kiasi, inarudi tena, kama bembea inayotulia polepole. Huu ni myumbo unaopona. Ya pili ni kwamba kamba hazitoshi: pembe inapita nyuzi 90, kisha 120, kisha 180, na upande mmoja unaupita mwingine kwa mzunguko mzima. Gwaride limevurugika na makundi mawili yameachana hatua.

Relei inavyopima umbali

Njia kubwa za umeme hulindwa na relei ya umbali, ambayo kwenye michoro ya mafundi huandikwa kwa namba 21. Kazi yake inaelezeka kwa hesabu moja ya kugawanya. Inapima volteji kituoni, inapima mkondo unaoingia kwenye njia, inagawa ya kwanza kwa ya pili. Jibu ni ukinzani, na hutajwa kwa omu. Kila kilomita ya njia ina ukinzani wake unaojulikana, kwa hiyo shoti ikitokea, jibu linaiambia relei shoti iko umbali gani.

Relei huigawa njia katika kanda. Kanda ya kwanza hufunika takriban asilimia 80 ya njia, na shoti ikionekana humo, relei hukata papo hapo. Kanda ya pili huvuka mwisho wa njia, kwa mfano mpaka asilimia 120, na husubiri kiasi cha theluthi ya sekunde ili kutoa nafasi kwa relei iliyo karibu zaidi na shoti. Kanda ya tatu hufika mbali zaidi na husubiri zaidi, ikiwa akiba endapo wengine wote wameshindwa.

Utaratibu huu umelinda gridi za dunia kwa miaka mingi, na una udhaifu mmoja. Relei haioni waya. Inaona volteji na mkondo tu. Chochote kinachoshusha volteji na kupandisha mkondo, kwake ni shoti.

Hesabu ya njia ya kilomita 200

Tuchukue mfano na tuuhesabu. Tuna njia ya kilovolti 400 yenye urefu wa kilomita 200, kila kilomita ikiwa na omu 0.3, kwa hiyo njia nzima ni omu 60. Mwanzoni mwake, kituo A, kuna kundi la jenereta ambazo ukinzani wake pamoja na transfoma ni omu 20. Mwishoni, kituo B, kuna kundi jingine lenye omu 40. Jumla kutoka kundi hadi kundi ni omu 120. Relei yetu iko kituo A ikiangalia kuelekea B. Kanda yake ya kwanza inaishia omu 48, na ya pili omu 72.

Siku ya kawaida pembe ni nyuzi 30 na njia inabeba megawati 667. Ukiichora hesabu ya relei kama ramani, ambapo njia inapanda juu kuelekea kaskazini na mzigo wa kawaida uko mashariki, kitone cha kipimo kinakaa mbali, omu 224 upande wa mashariki. Kanda zote ziko karibu na njia, kwa hiyo relei haina wasiwasi.

Myumbo unaanza. Pembe inafika nyuzi 60, na kitone kimesogea hadi omu 104. Ikifika nyuzi 90, kitone kiko omu 60. Ikifika 120, kimebaki omu 35 na kimeshaingia ndani ya kanda ya pili. Karibu na nyuzi 147 kinavuka mpaka wa kanda ya kwanza. Na pembe inapofika nyuzi 180, makundi mawili yakiwa yanatazamana kinyume kabisa, kitone kiko juu ya njia yenyewe, omu 40 kutoka kituo A. Relei inatamka kwamba kuna shoti kilomita 133 kutoka hapa.

Mpeleke fundi kilomita 133 na hataona kitu. Nguzo zimesimama, nyaya ziko hewani, vikombe ni vizima. Lakini volteji ya mahali pale kweli imeanguka hadi sifuri, kwa sababu pande mbili zinazosukuma kwa nguvu sawa na kwa mwelekeo wa kinyume zimefutana katikati. Mahali hapo huitwa kitovu cha umeme. Mkondo nao, ukiuhesabu, ni ampea 3,850. Ukihesabu mkondo ambao kundi A lingetoa kama nyaya zote tatu zingegusana mahali hapohapo, unapata ampea 3,850 vilevile. Kwa wakati huo mmoja, kwa relei iliyo kituo A, myumbo na shoti ya fezi tatu ni kitu kimoja, omu kwa omu na ampea kwa ampea. Hakuna relei, hata iwe ghali vipi, inayoweza kuvitofautisha kwa kutazama kipimo cha wakati huo peke yake.

Kinachotofautisha ni mwendo

Inachoweza relei kukitazama ni jinsi kitone kilivyofika pale. Shoti ikitokea, kitone kinaruka. Kilikuwa mashariki mbali, na ndani ya mzunguko mmoja wa umeme, yaani milisekunde 20, kiko juu ya njia. Katika myumbo kitone kinatembea, kwa sababu kinaongozwa na rota za jenereta, vyuma vya tani nyingi ambavyo haviwezi kubadili mahali pao mara moja.

Basi tunachora mistari miwili kwenye ramani, mmoja nje kwa omu 60 na mmoja ndani kwa omu 40, yote ikiwa nje ya kanda zinazokata. Tunaweka saa. Kitone kikigusa mstari wa nje, saa inaanza kuhesabu. Kikigusa wa ndani kabla ya milisekunde 40, hiyo ni shoti, na relei iko huru kukata. Kikichelewa zaidi ya hapo, huo ni myumbo, na relei inajifunga isikate. Huu ndio ulinzi unaoitwa kizuizi cha myumbo, na namba yake kwenye michoro ni 68.

Katika mfano wetu, mstari wa nje ni pembe ya nyuzi 90 na wa ndani ni karibu nyuzi 113. Tofauti ni nyuzi 23 hivi. Kama makundi yanaachana kwa kasi ya mzunguko mmoja kwa sekunde, kitone kinatumia milisekunde 63 kuvuka kutoka mstari hadi mstari. Saa ya milisekunde 40 inatosha kuutambua myumbo. Lakini kama wanaachana kwa mizunguko miwili kwa sekunde, kitone kinavuka kwa milisekunde 31, na relei itaapa kwamba ni shoti.

Mtu atasema tutanue nafasi kati ya mistari. Hapo ndipo fundi anapobanwa. Mstari wa nje ukiusogeza mpaka omu 100, unakutana na pembe ya nyuzi 62, na siku ya mzigo mzito njia inaweza kukaa hapo kwa saa nzima bila myumbo wowote. Relei itajifunga bure, na shoti ya kweli ikitokea itakuwa imelala. Mstari wa ndani nao huwezi kuusogeza karibu zaidi, kwa sababu kanda ya pili iko omu 36 tu kutoka katikati ya njia. Kwenye njia ndefu zenye mzigo mkubwa, nafasi iliyobaki kati ya mzigo na kanda ni finyu. Ndiyo maana relei nyingi za kisasa huongeza njia nyingine: zinahesabu volteji ya kitovu cha umeme kutoka kwa vipimo vya kituoni na kutazama inashuka kwa kasi gani, bila kuhitaji mistari hiyo.

Kizuizi lazima kiwe na mlango wa kufunguka. Shoti ya kweli inaweza kutokea katikati ya myumbo, na relei iliyofungwa ingeiacha iunguze. Dalili inayosaidia ni usawa. Katika myumbo fezi zote tatu hupanda na kushuka pamoja. Shoti nyingi hugusa fezi moja au mbili, kwa hiyo usawa unavunjika, na relei ikiona hivyo inafungua kizuizi mara moja. Shoti ngumu ni ile ya fezi zote tatu, kwa kuwa nayo ina usawa. Kwa hiyo relei huangalia kama kitone kilichokuwa kikitembea kimeruka na kusimama.

Dalili hizohizo humsaidia fundi anayesoma kumbukumbu za relei baada ya umeme kukatika. Akiona mikondo mitatu imeruka ndani ya mzunguko mmoja, atafute shoti. Akiona mikondo mitatu ikivimba na kunywea kwa pamoja kama pumzi, na volteji ikishuka kila mkondo unapopanda, asitume gari la doria kutafuta mti ulioangukia waya. Aulize ni nini kilichozitikisa jenereta.

Kuzuia peke yake hakutoshi

Sasa relei zote zimezuiwa na myumbo ni ule usiopona. Makundi yameachana hatua na bado yamefungwa pamoja. Kila pembe inapopita nyuzi 180, volteji ya kitovu inaanguka hadi sifuri, kisha inapanda, kisha inaanguka tena, mara moja au mbili kila sekunde. Mota za viwandani karibu na kitovu zinasimama. Rota za jenereta zinapigwa na mkondo wa ukubwa wa shoti katika kila mzunguko, na mashafti yanapindwa huku na huku. Jenereta zitaanza kujitoa zenyewe moja moja, na hapo hakuna atakayejua nini kitabaki.

Makundi yaliyoachana lazima yatenganishwe. Agizo hilo la pili ni kukata kwa kuachana hatua, na namba yake ni 78. Linatumia ramani ileile, lakini linatazama mlango wa kutokea. Myumbo unaopona huingia kwa mashariki na kurudi mashariki, njia iliyoujia. Myumbo usiopona huingia kwa mashariki, huivuka njia, na kutokea magharibi. Kitone kikitokea upande wa pili, hakuna tena shaka: makundi yameachana na hayatarudiana.

Kisha kuna suala la wakati wa kukata. Breka ikifunguka pembe ikiwa nyuzi 180, pande zake mbili zinasukumana kinyume, na volteji inayozuka kati ya koleo zake inaweza kufika mara mbili ya kawaida. Breka inaweza kushindwa kuuzima moto wa umeme na kulipuka. Ndiyo sababu mahali pengi relei husubiri kitone kitoke kabisa upande wa magharibi, pembe ikiwa inaelekea kufungika, ndipo itoe amri. Ukisubiri hadi nyuzi 270, volteji hiyo ni mara 1.4. Ukisubiri hadi 300, imerudi kuwa ya kawaida. Ni sehemu ndogo ya sekunde, na inaokoa breka.

Mahali pa kukata

Swali zito kuliko yote ni mahali pa kukata. Relei za kawaida zikiachwa bila kizuizi, zitakata pale kitovu kilipoangukia. Kitovu hakijui nani ana jenereta na nani ana mzigo. Kinaangukia katikati ya ukinzani, basi. Gridi inaweza kupasuka kwa namna inayouacha mji mkubwa upande mmoja na umeme wake upande wa pili.

Uturuki asubuhi ile ilionyesha jambo hili kwa ukubwa wake wote. Ilikuwa majira ya kuchipua, theluji inayeyuka, na mabwawa ya mashariki yalikuwa yakizalisha kwa wingi. Megawati zipatazo 4,700 zilikuwa zikisafiri kwenda magharibi, kwenye miji na viwanda. Njia nne ndefu za kilovolti 400 zilikuwa nje kwa matengenezo na ujenzi, na kapasita nyingi zinazosaidia kufupisha ukinzani wa njia za mashariki hadi magharibi nazo hazikuwa kazini. Kamba ilikuwa imevutika karibu na mwisho wake kabla Osmanca–Kurşunlu haijakatika. Ilipokatika, pembe ikapanuka bila kurudi, na relei za umbali zikazikata njia zilizobaki kwa zamu.

Mashariki ikabaki na umeme uliozidi mzigo wake kwa takriban asilimia 41. Frikwensi ikaruka hadi hezi 52.3, na jenereta zikajitoa kwa kasi kupita kiasi. Magharibi ikapungukiwa kwa takriban asilimia 21. Njia tatu zinazoiunganisha na Bulgaria na Ugiriki haziwezi kubeba pengo kama hilo, nazo zikakata. Mitambo ya kupunguza mzigo ikafanya kazi yake, frikwensi ikasimama kwa muda mfupi karibu na hezi 48.4, halafu mitambo kadhaa ya kuzalisha ikajitoa mapema na kila kitu kikaporomoka.

Lazima niseme kweli hapa. Mahali pa kukata hapachaguliwi popote mtu atakapo. Lazima pawe kati ya makundi mawili yanayoachana, maana ukikata ndani ya kundi linalokwenda pamoja umeongeza jeraha. Uturuki ilipasuka pale ambapo makundi yaliachana. Lakini ndani ya mpaka huo bado kuna nafasi ya kuchagua kituo hiki badala ya kile, ili kila upande ubaki na mzigo na jenereta zinazokaribiana, na ili kukata mzigo upande mmoja na kupunguza uzalishaji upande mwingine kuanze wakati huohuo wa kukata, kabla frikwensi haijatoroka.

India inatufundisha kwamba chaguo hilo haliwezi kufanywa mara moja na kuwekwa kabatini. Tarehe 30 Julai 2012, njia ya Bina–Gwalior ilikata kwa kuzidiwa mzigo, relei yake ikiwa imeona mzigo kana kwamba ni shoti ya mbali. Myumbo ukafuata, na gridi ya kaskazini ikatengana na kuzima. Kesho yake, tarehe 31, njia ileile ikakata kwa sababu ileile. Safari hii kitovu cha umeme kiliangukia upande wa mashariki, mpasuko ukapita mahali pengine, na kanda tatu zikazima: kaskazini, mashariki na kaskazini mashariki. Ilikuwa njia ileile na nchi ileile, siku moja tu baadaye. Kilichobadilika ni jenereta zipi zilikuwa kazini na umeme ulikuwa ukielekea wapi. Kitovu kinahama, na aliyekichora kwa hali ya mwaka jana anaweza kuwa ameweka relei ya 78 mahali ambapo myumbo hautapita tena.

Kwetu

Mwezi Desemba 2024 njia ya kilovolti 400 ya Isinya hadi Singida, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 500, iliunganisha gridi ya Kenya na ya Tanzania. Kwa njia hiyo, mitambo ya maji ya Rufiji, ambako bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115, inakwenda hatua moja na mitambo ya mvuke wa ardhini ya Olkaria. Njia inayoleta umeme wa Ethiopia hadi Suswa ni tofauti: inabeba mkondo wa moja kwa moja, usio na hatua, kwa hiyo myumbo wa upande mmoja hauvuki kama ulivyo. Isinya–Singida ni ya mkondo geu, kamba halisi kati ya makundi mawili, na ni ndefu. Kazi ya kuiunganisha Tanzania na Zambia kupitia Tunduma itakapokamilika, kamba itafika mpaka kusini mwa Afrika.

Faida zake ni wazi: wenye upungufu watakopeshwa na wenye ziada. Lakini kamba ndefu kati ya makundi mawili makubwa ndiyo mazingira ambamo myumbo huzaliwa. Kila jenereta mpya na kila njia mpya inakihamisha kitovu cha umeme. Hesabu niliyoionyesha hapo juu, ya omu 20 na 60 na 40, lazima irudiwe kwa namba za kweli kila gridi inapobadilika, na ifanywe na nchi zote zilizoshika ncha za kamba hiyo, kwa kuwa relei iliyoko Singida na iliyoko Isinya zinatazama myumbo mmoja.

Umeme ukikatika nchi nzima, sisi wananchi huuliza ni njia gani iliyokata, na taarifa hutajiwa jina la njia. Tuulize na la pili: je, mahali gridi ilipopasukia palikuwa pamechaguliwa? Kama jibu ni ndiyo, na kila upande ulibaki na umeme unaokaribia kuutosha, taa zitarudi kwa saa chache na hakuna mtambo ulioumia. Kama gridi ilipasukia pale kitovu kilipoangukia siku hiyo, basi uamuzi uliopaswa kufanywa na wahandisi mezani, mchana, kwa hesabu, uliachiwa kifaa kisichoweza kutofautisha waya uliokatika na jenereta iliyokimbia.